Siku Grupu Lilipoanza Kuandika Insha

Watu wa Merigi wameona mengi, lakini hakuna mwanakwaya aliyekuwa amewahi kumwona Weldon akiandika sentensi iliyowekwa nukta mwishoni. Weldon ndiye besi ya kwaya. Mchana hupima maziwa kwenye kituo cha ushirika, na asubuhi, kabla hata ng'ombe hawajakamuliwa, huamsha grupu la WhatsApp la kwaya kwa salamu moja ile ile: "Pwana asifiwe watu wa Munku 😂😂". Basi Jumapili hiyo jioni simu ya Janeffer ikalia, na huyo huyo Weldon akawa ameandika: "Nimefika nyumbani salama, wapendwa. Ahsanteni sana."

Janeffer alikuwa jikoni kwa mama yake, amenyoosha miguu kuelekea motoni. Alicheka hadi chai ikampalia. Mama yake, Tecla, akamgonga mgongoni na kumuuliza kama simu imeanza kusimulia hadithi. Janeffer akamwambia ni Weldon, amekuwa Mzungu ghafla.

Kicheko hicho hakikukaa. Kabla kikombe hakijaisha, Kepher naye aliingia kwenye grupu. Kepher ndiye mwalimu wa kwaya. Alikuja zamani kutoka kando ya ziwa kutengeneza umeme wa kiwanda cha chai, akaoa, akatulia, na sasa hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuwa mgeni. Kwa kawaida Kepher akitangaza mazoezi huandika hivi: "wasee kesho kumi, atakayechelewa ananunua soda 😂". Leo aliandika: "Wapendwa katika Bwana, natumai mu buheri wa afya. Ningependa kuwakumbusha kwamba mazoezi yetu yataanza saa kumi jioni bila kukosa." Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wanaojibu mtihani wa insha. Mtu aliandika "aidha". Haki ya nani, aidha, kwenye grupu la kwaya.

Balaa hilo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Janeffer. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili katika isimujamii, chuo kikuu kimoja huko Kericho, na utafiti wake ulikuwa juu ya namna watu wanavyoandika simuni. Akiulizwa sokoni ni masomo gani hayo ya kusoma meseji za watu, alikuwa anaeleza hivi. Neno ni moja, "sasa", lakini kuna anayeandika sasa, kuna wa ssa, kuna wa xaxa, kuna anayelivuta likawa sasaaaa. Maana haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni nani anamwandikia nani. Hakuna mtu na akili zake anayemtumia pasta "xaxa", na hakuna kijana anayemwandikia mpenzi wake "U hali gani". Kwa hiyo tahajia ni kama nguo: hueleza unakoenda kabla hujafungua mdomo. Na zile emoji nazo zina kazi yake, ila kazi hiyo alikuwa bado hajaijua vizuri. Ilibidi imuumize kwanza.

Msimamizi wake alikuwa Daktari Bosibori, mama mfupi mwenye sauti ya upole na maswali yasiyo na upole. Katika pendekezo lake la kwanza la utafiti Janeffer alikuwa ameandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba "Pwana" ya Weldon ni athari ya lugha ya mama, kwa sababu Wakipsigis huchanganya sauti za b na p. Daktari alimuuliza jambo moja tu: huyo Weldon, akiwaandikia wakulima wa ushirika, anaandikaje? Janeffer akaenda kuuliza. Kumbe kule Weldon huandika "Bwana asifiwe, wakulima wapendwa," herufi zote mahali pake. Daktari akasema basi huyo hakosei, huyo anacheza, na anacheza na anaowapenda. Ni kweli. Weldon alichekwa kwa hiyo p tangu darasa la pili. Aliokota mawe aliyorushiwa, akayafanya mafiga, na sasa anapikia juu yake.

Tangu siku hiyo Janeffer alijifunza kutohesabu tu mahali ambapo mtu ameandika "xaxa". Alihesabu pia kila mahali ambapo mtu angeweza kuiandika na hakuiandika. Uchaguzi huonekana hapo, kwenye ile nafasi mtu aliyoiacha.

Lakini huwezi kuchukua maneno ya watu kimyakimya. Kamati ya maadili ya chuo haitaki mchezo. Ndiyo maana Jumapili ile, baada ya mazoezi, alisimama mbele ya kwaya akaeleza yote. Meseji za grupu kuanzia leo zitasomwa, majina yatabadilishwa, na asiyetaka aseme, hakuna atakayemlaumu. Mikono yote ikapanda juu. Maxine, sauti ya kwanza na mwimbishaji wao, alipandisha yote miwili. Kisha kila mtu akarudi nyumbani na kuvaa suti ya maneno.

Daktari Bosibori aliposikia hakushangaa hata kidogo. "Umepiga kelele msituni," akamwambia, "halafu unataka kuhesabu ndege." Akaeleza kwamba ni tatizo la zamani la kazi yao: unataka kujua watu wanavyosema wakiwa hawatazamwi, na huwezi kujua bila kuwatazama. Dawa alikuwa nayo. Aombe zile meseji za zamani, za kabla ya tangazo, lakini kila mtu atoe ruhusa yake mwenyewe, na ambaye hajajibu asiguswe.

Janeffer akaomba. Weldon alikubali kwa kidole gumba. Kepher alikubali kwa aya nzima. Tecla, mwanakwaya naye, ambaye maisha yake yote ya WhatsApp ni mikono ya maombi na sauti alizojirekodi huku kuku wakilia nyuma, aliuliza kama na kuku wamo. Maxine peke yake hakujibu. Shule zilikuwa zimefungwa, saluni yake imejaa mabinti wa kusukwa, hana hata nafasi ya kunywa maji. Janeffer akajiambia, aa, huyu ni Maxine. Baba yake Maxine alikuja kutoka kando ya ziwa kufanya kazi kwenye shamba la chai, na wao wawili waliketi dawati moja tangu darasa la kwanza, wakagawana rula, chapati na chawa. Atakataa nini? Akaanza kuingiza meseji za Maxine kwenye jedwali lake. Haraka haraka haina baraka, tuliambiwa, lakini nani husikia.

Sasa, Maxine ni mtu wa kuchelewa. Amezaliwa hivyo, na sauti yake imefidia. Kwenye mazoezi yaliyofuata alichelewa tena, akiwa bado saluni, kichwa cha mteja mkononi, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima. Siku nyingine yoyote Kepher angeandika: "Maxiiiii 😂😂 unatumaliza, kuja bana 🙏🏾". Siku hiyo, akijua kwamba maneno yake yanakwenda chuo kikuu, aliandika: "Maxine, umechelewa. Tunakusubiri."

Isome mwenyewe. Jina limekamilika. Nukta ziko mbili. Kicheko hakuna, mikono ya maombi hakuna. Maxine aliisoma mara tatu, na kila mara ilikuwa baridi zaidi. Akajibu: "Sawa."

Hata hiyo ilisomwa. Maxine huandika "xawa" au "sawaaa", na alipoitupa "Sawa." na nukta yake, Kepher aliona ameambiwa atoke kwake. Akanyamaza kwa sababu ni mtu mzima. Grupu zima likanyamaza kwa sababu lilimwona mtu mzima akinyamaza. Kesho yake asubuhi maandishi madogo ya kijivu yakatokea katikati ya skrini: Maxine ameondoka.

Hapo ndipo kila mmoja alipokumbuka tamasha la Longisa. Kwaya za makanisa yote ya upande huu zilikuwa zinakutana huko Jumamosi ya wiki iliyofuata, na wimbo wao ulianza na Maxine peke yake, sauti tupu bila kinanda. Bila yeye hakuna mwanzo, na bila mwanzo ungeimba nini? Kepher alijaribu kumweka binti mwingine. Weldon alisema kwa adabu kwamba amewahi kusikia ndama akifanya vizuri zaidi.

Janeffer alirudi kwenye jedwali lake akiwa na wasiwasi, na akiwa humo akaona jambo. Zile nyuso zenye machozi ya kucheka, 😂, alikuwa ameziandikia safu ya "kicheko". Sasa akizifuata kwenye meseji za zamani, aliona nyingi hazikuwa zimekaa penye kichekesho. Zilikaa mwishoni mwa maombi. Zilikaa mwishoni mwa makaripio. Kila mara Kepher alipomgombeza Maxine kwa kuchelewa, kile kicheko kilikuwa pale pale, kikimwambia nakugombeza lakini mimi na wewe tuko sawa. Neno liligombeza, emoji ikabembeleza. Ukiondoa emoji, karipio linabaki uchi. Akaruka kwa furaha. Yaani Kepher hakukasirika, alikosa tu kile kicheko, na ushahidi upo!

Ndugu msomaji, usipeleke jedwali kwenye ugomvi. Mtu wa kawaida angebeba maziwa, au ndizi, au angekwenda tu na uso wake. Janeffer alibeba karatasi. Alizichapa kwenye duka la intaneti, akazilinda na mvua ya alasiri ndani ya koti, akasimama mlangoni mwa saluni bila kuketi na kuanza kumweleza Maxine, mbele ya wateja, asilimia ya makaripio ya Kepher yaliyobeba kicheko.

Maxine alizipokea zile karatasi kwa vidole vilivyojaa mafuta. Akatazama. Kulikuwa na mstari baada ya mstari, na kila mstari ulikuwa siku aliyochelewa, na mahali pa jina lake paliandikwa M2.

"Hii ni mimi?" akauliza.

Janeffer akasema ndiyo, lakini jina limefichwa.

"Nilikukubalia za zamani?"

Mteja aliyekuwa kitini aliangalia chini. Maxine alimrudishia karatasi, bila kelele, akasema afute zote, asibakishe hata moja, na akageukia kichwa alichokuwa anasuka. Janeffer alirudi nyumbani kwa miguu huku anajionea aibu. Alikuwa amemgeuza rafiki yake kuwa idadi, na hakuwa hata amebisha hodi.

Kufuta si kazi ya kubonyeza mara moja. Ilibidi atafute kila meseji ya Maxine kwenye grupu, atazame mstari wake uko wapi, auondoe. Alifanya hivyo kwenye meza ya jikoni, mchana kutwa, mama yake akichambua mboga upande wa pili. Na kwa kuwa alikuwa anamfuata Maxine tu, alianza kuona anayeongea naye. Aliyeongea naye mara nyingi alikuwa mtu ambaye hakuwa na mstari wowote kwenye jedwali, kwa sababu mtafiti hajihesabu. Alikuwa Janeffer.

Zamani Janeffer aliandika: "maxy xaxa, nikuletee mahindi ama umeshiba sifa 😂". Maxine akajibu kwa x zake na vicheko vyake, wakachezeana hadi wengine wakawaambia waende chemba. Kisha Janeffer akaingia chuoni. Polepole, bila tangazo lolote, herufi kubwa zikaanza kukaa mwanzoni mwa sentensi zake. Nukta zikaja. X ikafa kwanza, emoji zikafuata. Maxine alimtumia picha ya mtindo mpya wa nywele, "niambie naua ama siui 😂😂😂", na yeye akamjibu: "Zinapendeza. Hongera." Maxine aliiweka ile sura isiyo na mdomo, 😶, na baada ya hapo utani wake kwa Janeffer ulipungua, akabaki kuwaandikia wengine. Hata Kepher, akimjibu Janeffer, alikuwa amekwisha kuanza "Habari yako" na "Asante" zamani kabla ya Jumapili ya tangazo. Watu hujirekebisha kumfuata wanayemwandikia. Hiyo ilikuwa sura ya pili ya tasnifu yake, aliifahamu kwa moyo. Grupu halikuanza kuandika insha siku ile. Yeye ndiye aliyeanza, na wao walikuwa wanamjibu.

Akaweka kichwa mezani akalia. Tecla akasogeza mboga zisilowe, akamuuliza nani amekufa. Janeffer akasema hakuna. Mama akasema basi aoshe uso, aende amtafute mtu anayemliza, maana machozi ya jikoni hayafiki saluni.

Akaenda. Safari hii mikono mitupu. Hakusimama mlangoni, aliketi kwenye kiti cha kusukwa, akafungua kitambaa na kusema anataka matutu ya uzi. Sasa hapo kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mwanamke anaijua: ukishaanza kichwa, hukiachi nusu, na aliyesukwa nusu haondoki. Maxine akachukua kitana. Kisha akaanza, na alivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Janeffer alivumilia, alijua anastahili.

Walipofika katikati ya kichwa, Janeffer akasema, akitazama ukuta, "Mimi ndiye nilianza. Nilianza kuwaandikia kama naandikia ofisi, wewe kwanza. Kepher amenifuata tu. Na meseji zako nilichukua bila ruhusa yako. Nimezifuta. Nisamehe."

Vidole vya Maxine vilisimama.

"Nilidhani umetuona washamba," akasema Maxine. "Nikaona hata kunijibu unanijibu kama mteja. Halafu Mwalimu naye akaanza. Nikasema, basi, wamekubaliana."

Janeffer akasema hapana. Maxine akaendelea kusuka. Utu wake ukawa umerudi vidoleni, maana hakuvuta tena. Baadaye akasema kichwa cha Janeffer kimekuwa kikubwa tangu aende chuo, uzi hautoshi, na wote wawili wakacheka kama watu waliokuwa na njaa ya kucheka.

Kepher aliambiwa. Alishangaa sana, maana alidhani amekuwa muungwana. Akamrudisha Maxine kwenye grupu na kuandika: "Maxiiiii 😂😂 rudi bana, soprano imebaki ya ndama 🙏🏾🙏🏾". Chini yake Weldon: "Pwana asifiwe sana 😂". Janeffer akatazama skrini, akatamani kuandika kitu, akafuta mara kadhaa. Mwisho akatuma: "xaxa wasee, nimewamiss 🙈". Ilikuwa kama kuvaa viatu vya zamani, vinabana kidogo mwanzoni. Maxine alimwekea moyo.

Longisa waliimba. Maxine alifika wakati kwaya imeshapangwa jukwaani, akapita katikati yao akihema, akafungua mdomo, na uwanja ukatulia. Nafasi waliyopata haisemwi hapa kwa heshima ya majaji.

Ikabaki tasnifu. Janeffer alimweleza Daktari Bosibori kila kitu, pamoja na ile sehemu ya kuchukua bila ruhusa. Daktari alimkaripia vya kutosha, akamrudisha mbele ya kamati ya maadili akaeleze mwenyewe, na baada ya hapo akasema jambo lenye maana lilikuwa limepita mbele ya macho yake: kwa nini grupu lilibadilika, na nani alilibadilisha. Wanakwaya wakaombwa ruhusa upya, mmoja mmoja. Janeffer akafungua jedwali jipya, na mstari wa kwanza kabisa akaweka meseji zake mwenyewe, za zamani na za chuoni, na ile "Zinapendeza. Hongera." ikiwemo. Kwa Maxine hakuomba tena. Mahali pake palibaki peupe, na utafiti ulikuwa na pengo ambalo mtu yeyote angeliona.

Alasiri moja, mvua ikipiga mabati, simu ikalia. Alikuwa Maxine, kwenye grupu.

"jane xaxa, ile hesabu yako iliisha ama tulikuchosha 😂😂"

Janeffer akajibu kwamba bado, kuna mtu fulani hamwoni kwenye jedwali 🙈.

"weka bana. weka zote, hadi za kuchelewa 😂🙏🏾"

Janeffer alikuwa bado anatabasamu simu ilipolia tena. Safari hii Maxine alikuwa hajaandika kwenye grupu, alimwandikia yeye peke yake.

"Lakini uanze na zako."

Herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni. Janeffer alitafuta kicheko baada ya ile nukta, hakukiona, na alijua kwamba Maxine hakukisahau. Akaandika "Nimeanza." na yeye akaiacha hivyo hivyo, na nukta yake.